Matufaha yaliyogeuka uji na rojo iliyofanya ukungu: uchambuzi wa kisa kimoja cha pai

Kisa hiki kinahusu jiko dogo linalooka pai kwa oda. Majina, mahali na chochote cha kumtambulisha mhusika vimeondolewa. Vipimo vyote ni vya pai moja ya chombo cha sentimita 23 chenye kina.

Hali ilivyokuwa kabla

Jiko hilo lilikuwa na pai moja ya matufaha iliyouzwa nzima au kwa vipande. Kijazo chake kilitengenezwa hivi: kilo 1.2 za matufaha yaliyomenywa na kutolewa kokwa, yakakatwa membamba kiasi cha milimita 4, sukari gramu 150, vijiko vitatu vikubwa vya unga wa ngano, kijiko kidogo cha mdalasini ya unga, siagi gramu 30 na maji ya limau kijiko kikubwa kimoja. Vyote vilichanganywa vibichi, vikamiminwa ndani ya ganda la unga, vikafunikwa, na pai ikaokwa saa nzima kwa nyuzi 190 za selsiasi.

Ladha haikuwa na kasoro. Malalamiko yalikuwa ya sura. Ukikata pai, ganda la juu lilikuwa limesimama peke yake kama paa, na chini yake pengo la vidole viwili. Tunda lilikuwa limeporomoka na kuwa uji, na kisu kikipita, maji ya kijivu yalitiririka hadi ukingo wa sahani. Wateja walionunua pai nzima hawakulalamika sana. Waliolalamika ni waliokuwa wanauza kipande kimoja kimoja kwenye kabati la kioo, kwa sababu pale ubavu wa pai ndio unaouza.

Kilichotokea, hatua kwa hatua

Mpishi alianza na pengo. Alijua kwamba tufaha bichi lina hewa nyingi ndani, na likiiva hunywea, wakati ganda la juu limeshakauka na kushika umbo lake. Kwa hiyo aliamua kulipika tunda kwanza kwenye sufuria ili linywee kabla ya kuingia kwenye ganda. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, lakini namna ya kuutekeleza haikuwa. Alitia matufaha, sukari na limau kwenye sufuria, akabadilisha unga wa ngano kwa konfulawa (kwa kuwa alisikia hutoa rojo angavu), akaweka moto mkali na kukoroga dakika 10 mfululizo.

Pengo lilitoweka. Ila vipande navyo vilitoweka. Kingo zilimeguka, na katikati ya vipande vikubwa bado mlikuwa na ugumu wa tunda bichi. Alihisi amepika kupita kiasi, akapunguza hadi dakika 5. Matokeo: uji ulipungua kidogo, vipande vibichi viliongezeka, na maji yakaanza tena kutoka wakati wa kuoka. Akarudia kwa dakika 7. Hapo alikuwa anatafuta dakika sahihi mahali ambapo dakika hazikuwa tatizo.

Jambo lililobadilisha mwelekeo lilikuwa dogo. Sufuria moja ilisahauliwa juu ya jiko kwenye moto mdogo kabisa, imefunikwa, kwa muda uliozidi robo saa wakati kazi nyingine zikiendelea. Msaidizi alipofunua alidhani kazi imeharibika. Maji ya tunda yalikuwa yamejikusanya hadi nusu ya vipande, mvuke unapanda, lakini hakuna hata povu moja linalochemka.

“Dada, haya yameiva au bado?” aliuliza.

Mpishi alichukua kipande, akakikunja kwa vidole viwili. Kilipinda kama ngozi laini bila kukatika. Waliamua kuyachemsha hayo hayo ili wasiyatupe, na baada ya dakika 8 za kuchemka pembe za vipande zilikuwa bado zinaonekana. Matufaha yalikuwa ya kreti lile lile lililotoa uji siku iliyotangulia.

Jaribio la sufuria mbili

Badala ya kulichukua hilo kama bahati, walilipima. Gramu 600 za matufaha ya aina moja, yaliyokatwa kwa unene wa sentimita moja, ziligawanywa mara mbili, kila fungu na sukari na limau sawa. Fungu la kwanza lilipashwa taratibu hadi kipimajoto kilichochomekwa katikati ya vipande kisome nyuzi 65, likashikiliwa kati ya 65 na 68 kwa dakika 20. Fungu la pili lilipandishwa moja kwa moja hadi kuchemka. Kisha yote mawili yalichemshwa dakika 10.

Fungu la kwanza lilibaki vipande. La pili lilikuwa limemomonyoka, na kilichobaki kizima kilikatika kilipoinuliwa na uma. Yaani tunda lililokaa motoni muda mrefu zaidi ndilo lililobaki gumu, jambo linaloonekana kinyume mpaka ujue kinachoendelea ndani yake.

Seli za tufaha zimegandana kwa pektini, gundi ya asili ya tunda. Ndani ya tunda hilo hilo mna kimeng'enya ambacho, kati ya nyuzi 55 na 70 hivi, huibadilisha pektini iweze kushikana na kalsiamu iliyomo kwenye tunda. Ikishashikana hivyo, gundi ya seli inakuwa imara na haiyeyuki kirahisi hata tunda likichemshwa baadaye. Ukipita haraka kwenye joto hilo, kimeng'enya kinauawa na moto kabla hakijafanya kazi, na tunda linafika kwenye mchemko likiwa na gundi dhaifu. Moto mkali haukuwa unapika haraka tu. Ulikuwa unaruka hatua nzima.

Limau nalo lina nafasi yake hapa. Pektini huvunjika polepole zaidi kwenye uchachu, ndiyo maana tufaha kali kama Granny Smith huvumilia kuoka, na McIntosh, ambalo nyama yake ni laini kwa asili, huishia kuwa uji karibu hata ufanyeje. Golden Delicious ni tamu, ila hushika umbo vizuri ikipata limau. Jiko hili lilikuwa likinunua chochote kilichokuwepo na kuchanganya. Waliacha kuchanganya aina laini na ngumu kwenye sufuria moja, kwa kuwa hakuna joto wala dakika zinazofaa zote mbili.

Suala la ukungu

Vipande viliposimama, rojo ndiyo ikaonekana vibaya zaidi. Awali ilijificha ndani ya uji. Sasa ilizunguka vipande vizuri kama maji yaliyooshewa mchele.

Lawama ya kwanza iliangukia konfulawa. Kabla ya kuitupa, mpishi alifanya jambo la busara: alichuja maji ya tunda yasiyo na wanga wowote kwenye glasi na kuyaangalia dhidi ya dirisha. Tayari yalikuwa na ukungu. Sehemu kubwa ya weupe haikutoka kwenye wanga kabisa. Ilitoka kwenye chembe za matufaha yaliyomeguka katika mapishi ya awali, kwenye mdalasini ya unga ambayo haiyeyuki bali huelea, na kwenye siagi iliyokorogwa hadi ikawa matone madogo yanayotawanya nuru. Hakuna kitu chochote cha kuongeza uzito wa rojo kitakachoondoa hayo. Wakabadilisha mdalasini ya unga kwa kijiti kinachochemshwa na maji ya tunda kisha kuondolewa, na siagi ikahamishwa: vipande vidogo juu ya kijazo kabla ya kufunika ganda, bila kukorogwa.

Ndipo wakalinganisha wanga. Walichukua maji safi ya tunda yaliyochujwa, mililita 120 kwa kila sufuria, na gramu 10 za kila aina: unga wa ngano, konfulawa, wanga wa viazi mviringo na wanga wa muhogo. Kila kimoja kililowekwa kwanza kwenye maji baridi, kikachemshwa hadi kutokota, kikamiminwa kwenye glasi na kulala kwenye friji. Asubuhi waliweka karatasi yenye maandishi nyuma ya kila glasi.

Nyuma ya unga wa ngano hapakusomeka kitu. Unga una protini na chembe nyingine mbali na wanga, na hauwezi kung'aa hata uupike vipi. Kupitia konfulawa maandishi yalionekana kama kupitia kioo cha bafuni. Usiku uliopita, ikiwa ya moto, ilikuwa angavu zaidi. Kwenye baridi ilikuwa imeganda kama jeli inayokatika kwa kijiko, na pembeni pametoka maji. Viazi na muhogo vilisomeka herufi kwa herufi, na kati ya hivyo viwili viazi ndio vilikuwa vizito zaidi.

Tofauti hii inatokana na amilozi, ile sehemu ya wanga yenye minyororo mirefu iliyonyooka. Rojo ikipoa, minyororo hiyo hujipanga upya na kukumbatiana, ikitawanya nuru na kukamua maji nje. Konfulawa ina amilozi takriban robo ya wanga wake. Muhogo una takriban theluthi mbili ya kiasi hicho. Hivyo ukungu wa konfulawa mara nyingi hauonekani jikoni. Unaonekana kesho yake, kabatini.

Uamuzi ulioonekana sahihi ukaharibika

Kwa kuwa wanga wa viazi ulikuwa mzito na angavu, mpishi aliuchagua. Pai tatu za kwanza zilitoka maji maji.

Jaribio la glasi halikufanana na kazi halisi. Kwenye glasi wanga ulitokota kidogo ukaondolewa. Kwenye sufuria ya kazi uliingizwa pamoja na matunda na limau, ukakaa kwenye mchemko dakika 8, ukikorogwa muda wote usishike chini, kisha ukaokwa tena. Punje za wanga wa viazi huvimba kuliko nyingine, na punje kubwa iliyovimba ni kama puto: ukiikoroga au kuipika mno hupasuka, na rojo inalegea. Uchachu wa limau nao hukata minyororo ya wanga kadiri unavyochemka.

Hapo kukawa na mgongano wa kweli. Tunda linataka limau mapema ili lishike umbo. Wanga unataka limau lichelewe. Suluhisho lilikuwa kuvitenganisha viwili hivyo: tunda lipikwe peke yake bila wanga, litolewe, maji yake pekee ndiyo yatiwe wanga, na limau ligawanywe, nusu mwanzoni kwa tunda na nusu baada ya moto kuzimwa. Na waliuacha wanga wa viazi, wakachukua wa muhogo, ambao hauna nguvu kama ule lakini ni angavu karibu sawa na haukulegea kiasi kile ndani ya oveni.

Muhogo nao una tabia yake. Ukizidisha kipimo au kuupiga sana, rojo inavutika kama mlenda. Walipotia gramu 35 badala ya 22 ili kuwa na uhakika, kipande cha pai kilipoinuliwa kilivuta nyuzi hadi kwenye chombo. Rojo ilikuwa angavu kabisa, na hakuna mtu aliyeitaka.

Kosa jingine lilitokea siku ya haraka. Msaidizi aliona rojo imeshika kwenye nyuzi 70 hivi, akazima moto. Ilionekana nzito, lakini ilikuwa nyeupe na ulimi ulihisi unga. Wanga ulikuwa umevimba nusu tu. Sukari inashindana nao kupata maji, kwa hiyo kwenye maji matamu huhitaji joto zaidi ya kwenye maji matupu. Alama ya kutegemea ni mbili kwa pamoja: uso mzima wa rojo unatokota mapovu mazito, siyo pembeni tu, na weupe unaondoka mpaka mwiko uonekane kupitia rojo. Ikitokea hivyo, sekunde 30 hadi dakika moja zinatosha.

Utaratibu waliofikia

Matufaha kilo 1.2 yaliyomenywa hukatwa kwa unene wa sentimita moja. Huchanganywa na sukari gramu 150, chumvi robo kijiko kidogo na maji ya limau kijiko kikubwa kimoja, kwenye sufuria pana yenye mfuniko. Moto mdogo mpaka katikati ya vipande pafike nyuzi 65, kisha hushikiliwa kati ya hapo na 70 kwa dakika 20. Kila baada ya dakika nne vipande hugeuzwa kutoka chini kwenda juu kwa mwiko bapa, bila kukoroga. Mapovu yakianza kuchemka, sufuria huondolewa jikoni kidogo. Asiye na kipimajoto atazame mvuke bila mchemko, na mwisho kipande kipinde bila kukatika.

Vipande humwagwa kwenye chujio juu ya sufuria nyingine kwa dakika 10, kisha hutandazwa kwenye trei. Hili la kutandaza lilipuuzwa mara moja, vipande vikaachwa vimerundikana kwenye bakuli, na vile vya katikati viliendelea kujipika kwa joto lao wenyewe.

Maji yaliyochujwa, kwa kawaida mililita 200 hadi 250, huchemshwa na kijiti cha mdalasini. Yakizidi 220 hupunguzwa kwa kuchemsha mpaka yafike hapo. Wanga wa muhogo gramu 22 hulowekwa kwenye vijiko vitatu vikubwa vya maji baridi, humiminwa kwenye maji yanayochemka huku ukikoroga, na rojo ikishang'aa moto huzimwa. Kijiko kikubwa cha pili cha limau hutiwa, kijiti hutolewa, na vipande hurudishwa kwa kugeuzwa taratibu. Kijazo hupoa kabisa kabla ya kuingia kwenye ganda, maana kikiwa na joto kinayeyusha siagi ya ganda la chini na kulilowesha. Pai huokwa dakika 20 kwa nyuzi 220, kisha takriban dakika 30 kwa 190, mpaka rojo itokote kupitia mipasuo ya juu. Haikatwi kabla ya saa nne za kupoa.

Matokeo

Pengo chini ya ganda lilipungua hadi unene wa kidole kimoja au chini yake. Ubavu wa pai ulionyesha tabaka za vipande zilizolaliana, na rojo katikati yake rangi ya asali. Siku ya pili kwenye friji haikuwa imebadilika kuwa nyeupe, na sahani zilibaki kavu. Gharama yake ni muda: karibu saa moja zaidi kwa kila sufuria, bila kuhesabu kupoa. Jiko liliipunguza kwa kupika kijazo jioni na kuoka asubuhi.

Peasi: utaratibu ule ule, matokeo tofauti

Mafanikio ya matufaha yaliwafanya waingize peasi bila kubadilisha chochote. Pai ya kwanza ilikuwa mbaya. Vipande viliteleza kama sabuni na kukatika kwenye chujio, na maji yalifika mililita 330.

Makosa yalikuwa mawili. Kwanza, peasi zilikuwa zimeiva za kula. Tunda hili huiva kutoka ndani kwenda nje, hivyo linapolainika ubavuni, moyo wake umeshalegea muda. Joto la nyuzi 65 huimarisha pektini iliyopo, halirudishi ile ambayo kuiva kumeshaiyeyusha. Pili, uchachu wa peasi kwa kawaida ni mdogo kuliko wa tufaha, kwa hiyo kijiko kimoja cha limau mwanzoni hakikutosha.

Walichobadilisha: peasi za Bosc au Anjou zinazobonyea kidogo sana karibu na kikonyo tu, na ngumu kwingine kote. Unene wa vipande ukapanda hadi sentimita moja na nusu. Eneo la kokwa lilikatwa kwa upana, kwa sababu zile chembe zinazokwaruza meno zimejaa pale na hazilainiki kwa kupika. Limau vijiko vikubwa viwili mwanzoni, muda wa kushikilia joto dakika 15, na kuchuja kwa kijiko chenye matundu badala ya kumwaga. Maji yalichemshwa hadi mililita 220 kama ya matufaha, lakini wanga ukaongezwa hadi gramu 26, kwa kuwa peasi huendelea kutoa maji ndani ya oveni.

Vipande vilisimama, ingawa kamwe haviwi na ule ukakamavu wa tufaha, na peasi zikichelewa siku mbili kwenye kreti pai ya siku hiyo huachwa. Zile zilizolainika hupelekwa kwenye jamu. Jiko hilo pia halijahamisha utaratibu huu kwenye mitungi ya kuhifadhi. Kijazo chenye wanga wa kawaida hakifai kufungwa kwenye mitungi na kuchemshwa, maana uzito wake huzuia joto kupenya hadi katikati. Kwa kazi hiyo hutumika wanga maalumu wa mahindi uliobadilishwa viwandani, wenye vipimo vyake.